Hatua Tatu za Bibi kwa Mwendo wa Polepole

Ukikaa nyuma ya Mkasi akiwa kazini utamsikia akisema na skrini yake kama mtu anayesema na mbuzi aliyekula nguo za kwenye kamba. Hapigi kelele. Anauliza tu.

"Sasa huo mguu umeutoa wapi? Na fimbo je? Imeaga ikaenda?"

Mkasi si jina alilopewa na mama yake. Alilipata zama za kanda, alipokuwa akikata na kuunga video za harusi kwa mashine mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, yeye katikati na kidole juu ya kitufe kama paka mbele ya shimo la panya. Kanda zimekufa, mashine zimekwenda zilikokwenda, lakini jina halikutoka. Siku hizi ana kompyuta, skrini mbili na feni iliyofungwa kwa waya, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Harufu ya rangi hupanda ngazi saa zote, hata mkewe akifua mashati yake husema anafua ukuta.

Ameoza watu wengi katika chumba kile, na mimi nasema ameoza kwa sababu harusi nyingi hazikuwa nzuri mpaka zilipopita mikononi mwake. Shehe au kasisi hufungisha ndoa, lakini Mkasi ndiye anayemwondoa mjomba aliyelala mdomo wazi nyuma ya maharusi. Kwa muda wote huo jambo moja tu ndilo lililokuwa likimtoa roho, nalo ni neno "polepole". Kila mteja analitaka. Bibi harusi ashuke garini polepole, keki ikatwe polepole, shangazi acheke polepole mpaka meno yote yahesabike.

Basi Jumanne moja walipanda ngazi wawili, bibi harusi wa wiki mbili nyuma na mama yake mdogo. Mama mdogo ndiye aliyekuwa msemaji. Bibi harusi alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa ameyabeba machache zaidi.

"Fundi," mama mdogo alianza kabla hajakaa, "tumekuja kwa lile la bibi."

Lile la bibi kila mtu alilijua, na ajabu ni kwamba, ukiacha muuguzi na kamera, hakuna aliyeliona. Bibi yake bibi harusi ana miaka mitatu kwenye kiti cha magurudumu. Siku ya harusi, ukumbini, mjukuu alipokuja kumsalimu, bibi alisukuma mkono wa muuguzi wake, akashika fimbo, akasimama, akapiga hatua tatu kumfuata mjukuu wake. Tatu tu. Ndipo akamwangukia kifuani na kurudishwa kitini, na tangu siku ile hajasimama tena. Daktari amesema wasitarajie.

"Wageni walikuwa wamegeukia mlango wa chakula," bibi harusi alisema. "Mama alikuwa amenipa mgongo, anatafuta mkoba. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia, sikuona kitu. Fundi, kumbukumbu yetu yote ni hiyo video. Jumamosi tunakula pamoja nyumbani, ukoo mzima, kisha Jumapili nasafiri. Nataka siku hiyo wote waone. Na ikipita haraka vile, hakuna atakayeona, maana atakayeinama kuchukua kijiko ameikosa."

"Inachukua muda gani?" Mkasi aliuliza, ingawa alijua.

"Sekunde nne."

"Tunataka ichukue ishirini," mama mdogo akamalizia. "Haraka haraka haina baraka."

Mkasi akafuta uso kwa kiganja. "Mama, na polepole nayo si kwamba imeandikiwa baraka."

Walipoondoka alifungua diski ya shemeji yake. Huyu shemeji ni ndugu wa mkewe, ndiye mpiga video, mtu mzima mwenye nywele zinazoanza kumkimbia, na kamera yake si mbaya hata kidogo. Inaweza kupiga picha ishirini na tano kwa sekunde, au hamsini. Maana video, kwa asiyejua, si kitu kinachotembea. Ni picha zilizotulia zikipita mfululizo mbele ya jicho, na jicho kwa ujinga wake linaamini kuna mwendo. Ukipiga hamsini halafu ukazicheza ishirini na tano kwa sekunde, mwendo unapungua nusu, na bado jicho linalishwa picha mpya kila mara, halioni njaa. Unateleza kama mafuta.

Mkasi akaangalia. Viatu vya bibi harusi vilivyowekwa juu ya zulia: hamsini. Pete kwenye mto: hamsini. Keki, imesimama peke yake, haina pa kwenda: hamsini. Bibi akitembea: ishirini na tano.

Alimpigia simu papo hapo.

"Shemeji, naomba nikuulize kitu kwa upole. Viatu vilikuwa vinakwenda wapi?"

"Viatu vipi?"

"Vya bibi harusi. Vimekaa chini, havina hata mtu ndani, umevipiga kwa picha hamsini. Ulihofia vitakimbia?"

Shemeji akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua kinachokuja. "Ah, shemeji, hivyo ni vitu vya kupendeza. Vitu vya kupendeza huwa naviwekea hamsini. Halafu narudisha ishirini na tano, maana hamsini inajaza kadi ya kamera. Hotuba ndefu zile, kadi ikijaa utanilaumu wewe."

"Na bibi?"

"Bibi nani alimtarajia? Alikuwa amekaa."

Mkasi alijua ni kweli. Lakini ukweli haukumpunguzia hasira. Tena ukumbi ulikuwa na mwanga hafifu, na shemeji, ili picha zisiwe nyeusi, aliacha kila picha ikae wazi muda mrefu. Kwa hiyo chochote kilichosogea kilikuwa kimepakazwa, kama wino uliopitishiwa kidole. Fimbo ya bibi ilikuwa na ukungu pande mbili.

Jumatano asubuhi aliingia kazini. Sekunde nne mara ishirini na tano, picha mia moja. Hizo ndizo shuka yake. Ukivuta shuka fupi ifunike kichwa, miguu inabaki nje. Kwanza alipunguza mwendo mpaka robo, akaiacha kompyuta irudie kila picha mara nne. Bibi akatembea kama mshale wa saa: tik, anakaa, tik, anakaa. Akaijaribu njia ya pili, ya kulaza picha juu ya picha ili moja ififie ndani ya nyingine. Ikalainika, naam, lakini bibi akawa na kivuli chake mwenyewe kinachomtangulia, na fimbo mbili.

"Mtu mmoja na fimbo mbili," Mkasi aliiambia skrini. "Huyu anaenda kupiga wezi."

Ya tatu ndiyo njia ya kisasa. Programu inatazama picha mbili zinazofuatana, inakisia kila doa limehama kutoka wapi kwenda wapi, kisha inajichorea zile za katikati ambazo kamera haikuzipiga. Ikikisia sawa, huwezi kujua. Mpe mtu mmoja mbele ya ukuta mtupu, aende taratibu, itakutengenezea hariri. Lakini ni kama mshona viraka ambaye hajawahi kuona nguo nzima. Kitu kikipita mbele ya kingine inachanganyikiwa, haijui cha nyuma kilikuwa na sura gani. Na bibi, mpenzi wa watu, alivaa sketi ya milia.

Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri, nyuma yake ukuta mweupe. Ya pili, fimbo ilipopita mbele ya milia na nyuma yake njiti za gurudumu la kiti, basi. Fimbo ikayeyuka kama mshumaa, ikaingia kwenye sketi, ikatokea chini karibu na kiatu. Milia ikapinda kuifuata. Gurudumu likajikunja. Na hii ni kwa robo mwendo, ambapo katika kila picha nne, moja ni ya kamera na tatu ni za kubuni.

Saa nne ujumbe ukaingia kwenye simu. Mama mdogo. Alikuwa ameirekodi ile video kutoka kwenye simu ya mtu aliyetumiwa kipande na shemeji, akaitia kwenye programu ya bure, akabonyeza mara moja. Chini ameandika: *Fundi mbona mimi imekubali? Laini kabisa.*

Mkasi alimpigia. "Mama, umeitazama?"

"Nimeitazama mara kumi. Nimelia."

"Isimamishe bibi anapoinua mguu wa pili. Umesimamisha? Sasa mhesabie miguu."

Akasikika akihesabu chini chini.

"Mitatu," mama mdogo alisema.

"Mmoja wa kazi gani?"

"Lakini ikienda hauonekani."

"Hauonekani kwako, kwa sababu una machozi. Kwenye ukuta wa sebule, ukoo mzima, yupo mjukuu wa miaka sita atakayeuona, na atauliza kwa sauti."

Mama mdogo akavuta pumzi. "Fundi, wewe ni mtu wa kukatisha tamaa."

"Nimezaliwa hivyo, mama."

Alasiri akajaribu ujanja mwingine: bibi aanze kwa mwendo wake wa kawaida, kisha katikati ya hatua apungue taratibu, kisha aende tena. Wapiga video wa mpira hufanya hivyo na inapendeza, kwa kuwa mchezaji karuka juu na hewani pana nafasi ya kubadili mwendo bila mtu kushtuka. Lakini hatua ya kikongwe haina mahali pa kuficha kitu. Mwendo ulipobadilika, bibi alionekana kama amevutwa kwa kamba kutoka nyuma. Mke wa Mkasi, aliyekuwa ameleta chai, alishika mdomo.

"Anaanguka?"

"Haanguki. Ni mimi ninayemwangusha," Mkasi alisema, akaifuta yote.

Hivyo Alhamisi aliamua: nusu mwendo, si robo. Sekunde nne ziwe nane, kila picha ya kweli iwe na moja tu ya kubuni. Na ni nusu kamili, maana ukichukua hesabu isiyogawanyika vizuri, hata picha za kweli hupangana vibaya na mwendo hupiga chafya. Hatua ya kwanza ikapita safi. Ya tatu ikapita, kwa kurekebisha ukingo wa mtandio. Ya kati ilikuwa na picha thelathini na tatu za kubuni, na zote mbovu. Mkasi akazichukua moja moja. Akakata fimbo kutoka kwenye picha ya kweli ya jirani, akaibandika pale inapostahili kuwa, akanyoosha milia, akalirudishia gurudumu njiti zake. Moja, kisha nyingine. Mgongo ulimuuma mpaka akakalia mto wa kochi. Kila alipofika kumi aliitukana kamera, kila alipofika tano aliitukana keki.

Jioni, kabla jua halijazama, aliicheza. Bibi akaelea. Fimbo yake ilikuwa fimbo, miguu ilikuwa miwili. Muziki wa kinanda chini yake, kwa kuwa sauti ya ukumbi ikicheleweshwa huwa nzito kama mtu anayeongea ndani ya pipa, kwa hiyo alikuwa ameizima. Akampigia bibi harusi. "Njooni kesho."

Kesho yake wakaja, na kwa kuwa mipango ya familia haiishi vituko, walikuja na bibi mwenyewe. Mkasi alisikia chini sauti ikisema, "Sasa hizi ngazi mlidhani nitazipanda na nini?" Ikabidi abebe kompyuta ndogo, ashuke nayo, mwenye duka amsogezee makopo ya rangi, aiweke juu ya kaunta kati ya mizani na sanduku la misumari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye kijana wa video?"

Mkasi ana miaka hamsini na minane. "Ndiye mimi, bibi."

Akaicheza. Bibi harusi aliweka mkono kifuani. Mama mdogo akatoa kitambaa mapema, kama mtu anayefungua mwavuli kabla ya mvua. Mwenye duka na mteja wake aliyekuja kununua bomba walisogea. Sekunde nane, laini, bila doa.

"Huyo ni nani?" bibi aliuliza.

Wakatazamana. "Ni wewe, bibi," mjukuu alisema.

"Nauliza huyo mgonjwa."

"Bibi, ni wewe, siku ya harusi yangu."

"Mimi nilikwenda. Huyo anaogopa kuanguka. Tazama mguu unavyoning'inia hapo, utadhani anauliza kama pana shimo." Aligeuka kwa Mkasi. "Kijana, mimi nilifanya mazoezi miezi minne. Kitandani mpaka mlangoni, na muuguzi, siri yetu. Unajua siri ilikuwa nini? Kwenda upesi. Nikipunguza tu, magoti yanakumbuka kwamba hayawezi. Ilibidi nifike kabla hayajajua."

"Lakini mwenda pole hajikwai," mama mdogo alisema.

"Aliyesema hivyo alikuwa na magoti."

Mteja wa bomba akacheka, akajifanya anakohoa. Mkasi hakucheka. Alikuwa akifikiria picha thelathini na tatu, moja moja, na mto wa kochi.

"Bibi," alisema, "nimeshinda mchana kutwa nikikutengenezea hiyo fimbo."

"Nashukuru, ni fimbo nzuri. Ila mwendo si wangu."

Bibi harusi akainama mbele ya kiti. "Bibi, ikiwa kwa mwendo wako hawataiona. Ni sekunde nne. Nataka wakuone, wote. Ulitembea na hakuna aliyekuona."

"Nilitembea kuja kwako," bibi alisema. "Lakini haya, waone. Wanione mimi basi, wasimwone huyo."

Kila mmoja akamtazama Mkasi, kana kwamba ndiye aliyewakosanisha. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na ndani ya hasira ile, kama inavyotokea kwa mafundi, mikono ikaanza kufanya kazi bila ruhusa. Akafungua ile video ghafi, akairudisha nyuma. Shemeji, kwa uvivu wake, alikuwa ameiacha kamera ikikimbia sekunde ishirini nzima kabla ya bibi kusimama, na Mkasi alikuwa amezikata siku ya kwanza kwa kuona hakuna kinachotokea. Sasa akaziacha zote. Akaondoa kinanda. Akaicheza kwa mwendo wake.

Bibi amekaa. Anatazama kitu nje ya picha. Mikono inashika pembe za kiti, inaachia, inashika tena. Mkono wa muuguzi unakuja, bibi anausukuma. Sauti yake inasikika kati ya makelele ya sahani: "Niache." Anaivuta fimbo. Pumzi moja. Kisha yupo wima, na fimbo inagonga sakafu, ko, ko, ko, haraka kama mtu anayebisha mlango wa mdeni, na amefika.

Mwenye duka alikuwa na misumari mkononi na hakujua aiweke wapi.

"Huyo," bibi alisema. "Huyo namjua."

"Kwa hiyo watangoja sekunde ishirini kwanza," Mkasi alieleza, bado kwa sauti ya mtu aliyekosewa. "Mtu akingoja, hashiki kijiko. Na hapa mwisho, mlipokumbatiana mmetulia na nyuma ni ukuta mtupu, hapa naweza kupunguza nusu bila kuharibu kitu. Ukiruhusu."

Bibi akafikiri. "Hapo sawa. Hapo nilikuwa nimeshafika."

Bibi harusi hakuwa na furaha sana. Aliuliza kama hatua ya tatu tu, ya mwisho tu, haiwezi kupunguzwa kidogo. Mkasi akamwonyesha: mbili za haraka, moja ya polepole, na bibi akawa kama aliyeishiwa nguvu mlangoni. Mjukuu akatikisa kichwa mwenyewe. Mama mdogo alisema basi angalau kile kinanda kirudi, na watu watatu wakamjibu hapana kwa pamoja, mmoja wao akiwa mteja wa bomba.

Jumamosi Mkasi alibeba vifaa mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na imani na mtu tena, akatundika shuka nyeupe sebuleni, akafunga mapazia. Ukoo ulijaa mpaka barazani. Video ya harusi ilikwenda kama video za harusi zinavyokwenda. Viatu vilipotokea, laini ajabu, vikiwa vimekaa kimya juu ya zulia kwa picha hamsini kwa sekunde, shemeji alimgusa Mkasi bega, na Mkasi akajifanya hakuhisi.

Kisha bibi, amekaa. Sekunde ya tano watu waliacha kutafuna. Ya kumi, mtu akauliza, "Kuna nini?" na akanyamazishwa. Ya kumi na tano mama wa bibi harusi, yule aliyekuwa akitafuta mkoba, alisimama. "Niache," ukuta ulisema. Ko, ko, ko.

Ilikwisha kabla mama huyo hajakaa. Hakukaa. Aligeuka nyuma, gizani, kumtafuta mtu wa kompyuta.

"Rudisha," alisema.

Mkasi akarudisha. Ukutani bibi akasimama tena, akaenda.

"Rudisha."

Akarudisha mara ya tatu, na ya nne, mwendo uleule, na kila mara mtu mwingine akasema ameona kitu: kidole kilivyobana fimbo, kidevu kilivyotangulia, muuguzi alivyotabasamu pembeni. Bibi harusi alikuwa amekaa sakafuni karibu na gurudumu la kiti, macho makavu safari hii, hapepesi.

Mara ya sita bibi akainua mkono.

"Basi jamani," alisema. "Mtanichosha. Nimetembea leo kuliko mwaka mzima."